Kadi ya grafiki ya kula umeme kwenye sloti tu: GT 1030 au RX 6400 kwa Optiplex ya ofisi?

mchora_ramani
Habari za jioni wakuu. Nina Dell Optiplex 9020 ofisini, grafiki ya ndani imezidiwa kabisa. Pawa saplai yake ndogo na haina ule waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo kadi lazima ile umeme kwenye sloti tu. Muuzaji mmoja ana GT 1030, mwingine ana RX 6400, zote za kimo kifupi. Natakiwa nilipie Jumamosi. Nichukue ipi?

fundi_kibatari
Mkuu, 9020 ipi? Kuna ya mnara yenye pawa saplai ya wati 290, kuna ya kulaza yenye wati 255, na kuna kale kadogo kasikoingia kadi kabisa. Prosesa gani, RAM ngapi, unaifanyia kazi gani, na monita inachomekwa kwa waya gani? Bila hayo tutakubahatishia.

gemu_usiku
RX 6400. Ninayo kwenye mashine kama hiyo, GTA V inateleza. GT 1030 ni ya kutazamia video tu.

baba_shani
Usithubutu, ndugu yangu. Boksi la GT 1030 lenyewe linataka pawa saplai ya wati 300. Wewe una 255 au 290. Utaunguza mazabodi uanze kulia. Tafuta kwanza pawa saplai kubwa, za mtumba zimejaa.

mchora_ramani
Samahani wakuu, niliandika haraka. Ni ya kulaza, wati 255. Prosesa i5-4590, RAM gigabaiti 4, kijiti kimoja. Nachora ramani za nyumba kwa AutoCAD na SketchUp. Nikimzungushia mteja nyumba yenye miti na samani, inakwama hadi mteja anaangalia saa. Monita ni ya zamani, waya wa VGA.

fundi_kibatari
Sasa tunaongea. @baba_shani, hizo 300 za kwenye boksi mtengenezaji ameziandika akihofia pawa saplai dhaifu na mashine iliyojaa vitu. Tupige hesabu ya mashine hii hii. i5-4590 imepangiwa wati 84. GT 1030 ni wati 30, RX 6400 ni 53. Mazabodi, RAM, diski na feni wape wati 40 kwa ukarimu. Na RX 6400 inafika kama 177. Unabaki na nafasi kwenye 255, na ni nadra vyote kukaza pamoja.

Na pawa saplai ya kawaida haiingii hapo. 9020 ina plagi yake ya pini 8 badala ya ile pana ya pini 24, na boksi lenyewe lina umbo lake. Utahitaji adapta, kisha pawa saplai ikae nje ya kasha. Kwa ofisi hiyo si kazi ya kujivunia.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni umri. Mashine hizi zina miaka kumi au zaidi. Fungua, puliza vumbi, sikiliza feni ya pawa saplai. Ikiwa leo hii inazima ghafla ukifungua mchoro mzito, au ina harufu ya kuungua, usiongeze kadi yoyote.

baba_shani
Hesabu nimeielewa, hapo nimekubali. Ila pawa saplai ya miaka kumi mimi bado siiamini.

binti_mkunazini
Naomba niwape yaliyonikuta, maana mwenzetu yuko njia ileile niliyopita. Nilinunua kadi ya kimo kifupi, boksi limeandikwa GTX 1050 Ti, gigabaiti 4. Bei ilinifurahisha, nikalipa taslimu. Muuzaji akaiwasha mbele yangu, Windows ikasoma 1050 Ti, nikaridhika.

Nyumbani, siku ya tatu, nikaweka draiva mpya. Kioo kikawa cheusi. Nikarudisha draiva iliyokuja na kadi, ikawaka. Nikasema bahati mbaya, nikajaribu tena, giza tena. Nikiigusa ile bati ya nyuma baada ya nusu saa, inachoma kidole. Mdogo wangu akanifungulia GPU-Z, mbele ya jina ikaandika `[FAKE]`. Ndani mlikuwa na chipu ya zamani ya kizazi cha Fermi, imepandikizwa jina la 1050 Ti. Draiva za chipu hizo ziliishia toleo la 391, ndiyo maana mpya zinaikataa. Nilirudi kwa muuzaji, akasema kitu kilichopokelewa kikiwa kizima hakirudishwi. Mpaka leo ipo kabatini.

Kaka, nenda na GPU-Z kwenye flashi. Ifungue dukani kabla hujatoa hela.

mchora_ramani
Pole sana dada. Hilo la flashi nalifanya.

otieno_wa_umoja
Msisahau kile kibati cha nyuma. Kadi ya mtumba mara nyingi huja na kibati kirefu pekee, nayo kesi ya kulaza inataka kifupi. Mimi nilikaa wiki mbili kadi ikining'inia bila skurubu, ukiigusa waya monita inazima.

fundi_kibatari
Kweli kabisa. Lingine: kwenye 9020 ya kulaza sloti ndefu imekaa jirani na pawa saplai. Kadi nene ya nafasi mbili inagonga. GTX 1650 nyingi za kimo kifupi ni nene hivyo, ziache.

RX 6400 ni nyembamba, ila inatumia njia 4 tu za PCIe. Ilitengenezwa kwa PCIe 4.0, mashine yako ni 3.0, kwa hiyo kila njia inapitisha nusu. Mchoro ukizidi gigabaiti 4 za kadi utaona inakwamakwama. Halafu weka BIOS kwenye UEFI, la sivyo monita inaweza kubaki nyeusi ukadhani kadi imekufa.

GT 1030 ipo ya GDDR5 na ipo ya DDR4. Ya DDR4 ni goigoi mno. GPU-Z itakuonyesha aina ya kumbukumbu.

Mimi ningetafuta NVIDIA T600. Wati 40, gigabaiti 4, nyembamba, na imetengenezwa kwa kazi za michoro. Matundu yake ni Mini DisplayPort tu.

gemu_usiku
T600 kwa gemu haina maana. 6400 inaipita.

fundi_kibatari
Mwenye mada hajataja gemu hata mara moja.

binti_mkunazini
Na VGA yake? Hakuna hata moja kati ya hizo yenye VGA. DVI ya GT 1030 nayo ni ya kidijiti tupu, kile kiadapta cha bei rahisi cha DVI hakiingii. Anunue adapta yenye chipu ndani, ya kutoka HDMI kwenda VGA. Kwa T600, ya kutoka Mini DisplayPort.

otieno_wa_umoja
Au abadilishe monita. Macho yake yatamshukuru.

baba_shani
Jamani, RAM gigabaiti 4 kijiti kimoja! Grafiki ya ndani inakula kwenye hiyohiyo RAM. Aongeze kijiti cha pili kwanza, vijiti viwili vikifanya kazi pamoja hata grafiki ya ndani inapumua. Mpaka hapo kadi ni anasa.

fundi_kibatari
Hapo umenena, mzee. Mkuu, fungua SketchUp na mchoro unaokusumbua, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, tazama Memory. Ikigonga 90 kwa mia, kadi peke yake haitakuokoa.

mchora_ramani
Nimetazama sasa hivi. Imegonga 94. Na diski inaonyesha 100 muda wote.

gemu_usiku
Hiyo diski ni ya kuzunguka? Weka SSD.

baba_shani
Na umeme wa kwako ukoje? Sisi huku ukirudi baada ya kukatika unarudi na nguvu nyingi. Una UPS?

mchora_ramani
Ninayo, ila inapiga kelele hata umeme ukiwepo. Betri au?

otieno_wa_umoja
Huenda ni betri. Imewekwa lini?