Pampu inawaka yenyewe tenki likiwa limejaa, naomba ushauri kabla sijanunua bodi nyingine

Kijana_wa_Saketi: Wakuu habari zenu. Nasoma diploma ya umeme, mradi wangu ni kuwasha pampu ya tenki kwa Arduino Uno. Maji yakishuka, swichi ya boya inafunga, rilei inavuta, pampu inawaka. Hapo hakuna shida. Shida ni tenki likijaa: rilei inagonga tak-tak-tak yenyewe, na nikisogeza mkono inazidi. Nimeshabadilisha boya. Nadhani bodi ni mbovu na kuna muuzaji nimeshampa advansi ya nyingine. Ninunue ipi, Uno tena au Mega?

Bi_Mkunazi: Mega, mwanangu. Ila nyie vijana mnakopi programu mtandaoni halafu mnalaumu vifaa.

Zege_la_Moto: Kwangu friji lilikuwa linanguruma usiku, kumbe panya kakata waya wa graundi. Angalia panya.

FundiRedio: Achana na bodi kwanza. Boya limeungwa vipi? Leta na programu.

Kijana_wa_Saketi: Limeungwa kawaida tu mkuu.

FundiRedio: Kawaida ndiyo ipi? Waya huu unatoka wapi, ule unaingia wapi?

Kijana_wa_Saketi: Mmoja volti 5, mwingine pini 2. Basi. Rilei iko pini 8. Na mwezi uliopita ilifanya kazi mezani, kwa hiyo uungaji siyo tatizo.

```
pinMode(2, INPUT);
digitalWrite(8, digitalRead(2));
```

FundiRedio: Boya likifunga, pini 2 inapata volti 5, sawa. Likifungua, pini 2 imeshikwa na nini?

Kijana_wa_Saketi: Haijashikwa na kitu, kwa hiyo inasoma sifuri.

FundiRedio: Hapo ndipo ulipo ugonjwa. Pini isiyoshikwa haisomi sifuri, inaelea. Kwenye INPUT haivuti karibu mkondo wowote, ndiyo maana chaji kidogo ya mkono wako au ya nyaya za umeme wa nyumba inatosha kuipandisha na kuishusha. Mezani ulitumia waya mfupi, sasa waya mrefu umekuwa antena.

Mzee_Koroboi: Rahisi: chomeka kipande cha waya kutoka pini 2 hadi graundi, itatulia.

FundiRedio: Itatulia mpaka boya lifunge. Hapo volti 5 itakimbilia graundi moja kwa moja, bodi izime au iungue. Wazo la kwenda graundi ni zuri, ila kupitia rezista ya kilo-omu 10. Boya likifunga itapita nusu miliampia tu.

Kijana_wa_Saketi: Lakini nilishapima! Nikiweka mita kati ya pini 2 na graundi inaonyesha sifuri na rilei inanyamaza. Nikitoa mita inaanza tena.

Nyundo_Kavu: Hii chai. Kifaa kinachopona kikipimwa? Tumepigwa, jamaa anatafuta laiki.

Bi_Mkunazi: Nami nilihisi. Mwezi uliopita alisema anasoma ufugaji.

Kijana_wa_Saketi: Ufugaji ni mdogo wangu, tunatumia simu moja.

FundiRedio: Siyo chai, Nyundo. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa mega-omu 10 hivi ndani yake. Akiiweka pale, tayari ameishika pini kuelekea graundi. Yeye anadhani anapima, kumbe anatibu. Kijana, chomoa waya wa boya kabisa, acha pini 2 tupu, halafu ikaribie kwa kidole.

Kijana_wa_Saketi: Nimechomoa. Rilei bado inagonga, na boya halipo! Nimeweka kilo-omu 10 pini 2 hadi graundi, kimya. Nagusa, kimya.

Nyundo_Kavu: Nami nimejaribu kwenye Uno ya mwanangu, taa ya pini 13 inachezacheza. Haya, nimenyamaza.

FundiRedio: Usipokuwa na rezista, ipo ya ndani. Boya litoke pini 2 kwenda graundi, na programu ugeuze, maana likifunga sasa inasoma LOW:

```
pinMode(2, INPUT_PULLUP);
digitalWrite(8, !digitalRead(2));
```

Ila hiyo ya ndani ni kilo-omu 20 hadi 50. Kwa waya mrefu naiona dhaifu, ningebaki na ya nje.

Mzee_Koroboi: Mimi ya ndani naitumia miaka yote na waya mrefu.

Kijana_wa_Saketi: Nimerudisha boya na rezista ya nje. Imetulia, ila pampu ikizimwa rilei inagonga mara moja ya ziada. Bodi mpya nadhani nitaichukua tu, advansi hairudi.

FundiRedio: Kugonga huko kunatokana na mota inapokatika. Waya wa boya umepita wapi?

Kijana_wa_Saketi: Bomba moja na waya wa pampu.

FundiRedio: Utoe.

Kijana_wa_Saketi: Fundi ameshapiga plasta.