Uso au anga? Mjadala kuhusu anga lililoungua katika video za mchana

Muulizaji, Tanga

Nimepiga harusi ufukweni Pangani saa saba mchana, kwa S-Log3 ya biti 10, ile rekodi bapa ya kamera za Sony inayosubiri kusahihishwa rangi. Nilipima mwanga kwa nyuso, na sasa anga na mawingu yameungua. Mwenzangu anasema nilipaswa kulinda anga, kisha nyuso nizinyanyue mezani. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, anga hili linarudishika kwa mkunjo na maski?

Msahihisha rangi, Dar es Salaam

Ndugu yangu, kabla ya kuamua nani yuko sahihi, jua kwanza kama kuna anga la kurudisha. Fungua kipande katika DaVinci Resolve, programu ya kusahihisha rangi, zima LUT, yaani jedwali la kugeuza rangi, uangalie Waveform, mchoro wa viwango vya mwanga, huku ukishusha Gain polepole katika nodi ya kwanza, yaani hatua ya kwanza ya marekebisho. Ikiwa sehemu ya juu ya mchoro inashuka huku ikifunguka na kuonyesha migongo ya mawingu, taarifa zimo. Ikiwa inashuka kama mstari uliopigwa kwa rula, hapo kamera ilijaa, na hakuna mkunjo utakaotoa kitu kisichorekodiwa.

Wengi hukosea kwa sababu mstari huo haukai kileleni. S-Log3 katika kamera nyingi hujaa karibu na asilimia 94, kwa hiyo utauona mstari bapa chini ya 1023, kilele cha mchoro, na mtu hudhani bado ana nafasi juu yake. Nafasi ile ni tupu. Angalia umbo la mstari, usiangalie umbali wake kutoka juu.

Angalia pia nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake kwenye Parade. Mara nyingi moja au mbili zimejaa na ya tatu bado ina umbo. Eneo la namna hiyo ukilishusha linageuka rangi ya ajabu, samawati ya maji au waridi, hasa kwenye kingo za wingu. Hapo mimi hutumia Lum Vs Sat kupunguza rangi katika ncha ya mwanga tu, ili wingu libaki jeupe na lisipate rangi ambayo halikuwa nayo.

Mpiga video wa harusi, Mombasa

Mimi nasema mwenzako amekosea. Bibi harusi hatatazama mawingu, atamtazama mama yake. Nimewahi kupokea kazi iliyopigwa na mtu aliyelinda anga, na nyuso za watu weusi waliosimama kivulini zilikuwa chini kabisa. Tulipozinyanyua zilijaa chenga, mashavu yakapoteza umbo, macho yakawa mashimo. Anga lilikuwa zuri sana, na familia ilirudisha kazi. Anga jeupe husameheka, lakini uso uliogeuka tope hausameheki.

Mwanafunzi wa filamu, Nairobi

Suluhisho ni kupiga kwa raw, yaani data ghafi ya sensa. Ukiwa na raw, anga lote linarudi, kwa hiyo mjadala huu hauna haja ya kuwepo.

Msahihisha rangi, Dar es Salaam

Dada wa Mombasa, kuhusu chenga nakubali kabisa. Kijana wa Nairobi, umesema nusu ya ukweli. Raw inakupa nafasi zaidi ya kuchezea rangi na weupe, lakini sensa ina ukomo wake. Kitufe cha Highlight Recovery cha raw ya Blackmagic hukisia sehemu iliyojaa kwa kutumia rangi ambazo hazijajaa. Zikijaa zote tatu, hakuna cha kukisia.

Nirudi kwa uso na anga, kwa kuwa hapa kuna jambo ambalo hatulisemi. Wengi wetu tulifundishwa kuweka zebra, mistari ya kamera inayoonyesha kiwango cha mwanga, kwenye asilimia 70 na kufungua lenzi mpaka ngozi iguse hapo. Kanuni hiyo ilitokana na ngozi nyeupe katika picha ya kawaida ya televisheni. Ngozi nyeusi kwa asili hurudisha mwanga kidogo, na ukiilazimisha ifike palepale unafungua stopu moja au mbili kupita haja, na kila stopu ni mwanga mara mbili, na ni stopu hizohizo zinazoliunguza anga. Katika S-Log3 kijivu cha kati hukaa asilimia 41, na mimi huiacha ngozi nyeusi stopu moja chini ya hapo. Uso haujafa, kwa sababu S-Log3 ya biti 10 huipa kila stopu ngazi zaidi ya 70 katika eneo hilo, na kuinyanyua stopu moja hakuleti chenga za kutisha. Ukinyanyua stopu tatu, utapata alichokipata dada wa Mombasa.

Kwa hiyo wewe na mwenzako nyote mlivuta kamba kupita kiasi, kila mmoja kwa upande wake.

Mpiga video wa harusi, Mombasa

Kaka, stopu moja chini naweza kuikubali kwa mtu aliyesimama juani. Lakini kwa mama mwenye ushungi mweusi chini ya mwembe, huku bahari ikimulika nyuma yake, hapana. Tofauti kati ya uso ule na wingu lenye jua inaweza kufika stopu sita au zaidi. Pale lazima uchague, na mimi nachagua mama.

Msomaji kutoka Mwanza

Naomba kuuliza. Je, kufunga kichujio cha ND mbele ya lenzi si kungelirudisha anga lote? Mimi hupiga mechi za mchangani kwa simu na anga huwa jeupe kila siku, nikawa nafikiria kununua.

Mpiga video wa harusi, Mombasa

Ndugu wa Mwanza, ND ya kawaida hupunguza mwanga wa kila kitu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo uso nao unashuka na tofauti inabaki kama ilivyo. Kinachosaidia ni kioo chenye giza nusu ya juu tu, kinachofifia kuelekea katikati, au ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni. Kwa simu yako, gusa anga kidogo, funga kiwango cha mwanga kisibadilike mchezoni, basi. Anga ambalo simu imeliandika kuwa jeupe tupu halirudi.

Msahihisha rangi, Dar es Salaam

Sasa kazi yenyewe, kwa kuwa Pangani imeshapigwa. Nitaeleza kwa kipande ninachokidhania: bwana harusi mwenye kanzu amesimama mbele, jahazi lenye tanga jeupe liko nyuma, na juu yao kuna anga lenye wingu moja lililojaa kabisa katikati huku kingo zake zikiwa hai.

Marekebisho ya anga yakae kabla ya LUT. LUT inayogeuza S-Log3 kuwa picha ya kawaida huyasukuma mawingu yote karibu na weupe wa mwisho, na yakishagandana pale, nodi inayofuata hupokea karatasi nyeupe. Katika nodi hiyo ya mwanzo, funga mkunjo kwa nukta moja juu kidogo ya ngozi, ili nyuso zisiguswe, kisha ulaze sehemu ya juu taratibu. Usiishushe ncha ya mwisho kwa nguvu. Hili ndilo kosa ninaloliona kila wiki: mtu anashusha ncha mpaka katikati ya wingu pageuke kijivu kama bati kuukuu, akadhani amerudisha anga. Katikati ya wingu pamekufa, pabaki peupe. Unachokitafuta ni kingo ziingie katika ule weupe polepole, bila mstari mkali unaoonyesha mahali kamera ilipojaa. Jicho linaona weupe kuwa mwanga likifika huko kwa mteremko, na linauona kuwa kosa likifika kwa ukuta.

Baada ya hapo, nodi ya pili, chagua dirisha la Gradient. Lianze juu ya fremu na mfifio wake uwe mrefu, ufike karibu na upeo wa bahari. Anga lenyewe huwa zito juu na jepesi karibu na upeo, kwa hiyo mfifio mrefu unafuata maumbile, na mfupi huonekana kama pazia lililoning'inizwa. Shusha kama nusu stopu. Ukifika stopu nzima, anza kuwa na wasiwasi.

Tanga la jahazi litaingia ndani ya maski na kugeuka chafu. Unaweza kuongeza Qualifier, kichagua rangi, katika nodi hiyohiyo ili maski ishike rangi ya anga tu ndani ya mfifio, lakini pale tanga na wingu vyote ni vyeupe haitavitofautisha, na itakulazimu kulichora tanga kwa mkono. Kofia ya bwana harusi ni hatari zaidi. Akitembea kuja kwenye kamera, kichwa chake kinapanda na kuingia kwenye mfifio, na kofia nyeupe inafifia kuwa kijivu huku kanzu ikibaki safi. Ukiangalia fremu moja iliyosimama hutaliona. Cheza kipande kwa kasi yake, ukitazama kofia peke yake.

Kama ungepiga kwa biti 8, ningekushauri usifike mbali hivi. Stopu moja ya S-Log3 hapo hubaki na ngazi 20 hivi, na anga la buluu lililotandaa fremu nzima kwa ngazi chache hupasuka mapande ya duara kama pete za maji. Punje kidogo za filamu huzificha, lakini haziziondoi.

Mtengenezaji wa filamu za kumbukumbu, Zanzibar

Mnazungumza vizuri, ila hakuna aliyegusa linalonisumbua mimi. Sasa hivi vijana wanapoona wingu limekufa hukata anga lote na kubandika la siku nyingine. Katika harusi labda ni hiari ya familia. Mimi nikirekodi wavuvi wakirudi, anga ni ushahidi wa saa na wa msimu. Ukinibandikia mawingu ya masika juu ya watu wenye vivuli vifupi vya kaskazi, umenidanganyia mtazamaji. Je, hata kuongeza buluu kwa maski mahali ambapo kamera iliandika weupe si hatua ya kwanza ya udanganyifu huo?

Msahihisha rangi, Dar es Salaam

Mzee wangu, mpaka ninaojiwekea ni huu: nashusha kilichorekodiwa, na sipaki rangi mahali palipokufa. Lakini nakiri kwamba maski yangu huifanya buluu iliyobaki iwe nzito kuliko jicho lilivyoiona saa saba ile.

Mpiga video wa harusi, Mombasa

Basi mpaka huo nao ni wa kwako tu, kaka. Mimi wateja huniomba buluu na hunilipa kwa buluu, na sioni kwamba nimemdhulumu mtu.

Muulizaji, Tanga

Shukrani kwenu nyote. Nimefanya jaribio la Gain usiku huu kwenye vipande vitano. Vitatu vimefunguka vizuri, na kingo za mawingu zimo. Viwili, vyote vya akad chini ya mwembe, vimeshuka kama rula, rangi zote tatu. Hivyo viwili nitavilainisha kingo na kuliacha anga jeupe. Mwenzangu bado anataka tubandike anga pale, na nimemwambia tuwaulize wenye harusi kwanza.