Retensheni ya mkandarasi: VAT niilipe sasa au mteja akiiachia?

mhasibu_buswelu: Wakuu, habari za leo. Nashika vitabu vya kampuni ya ujenzi hapa Ilemela. Tunajenga hosteli Nyegezi kwa mteja binafsi, mkataba wa miezi 8. Hati ya malipo namba 3 imetoka: kazi iliyopimwa ni sh 60,000,000 kabla ya VAT, na mteja anazuia retensheni ya 5%, yaani 3,000,000. Nusu ataiachia tukikabidhi jengo, nusu kipindi cha matazamio kikiisha. Mkurugenzi anasema niandike mapato ya 57,000,000 tu. Mteja naye anataka risiti ya EFD ya 60,000,000. Nifuate lipi?

Mzee_wa_Kirumba: Mkurugenzi yuko sahihi. Hela hujaishika, utailipiaje kodi? Andika 57. Hiyo 3 utaiingiza siku itakapofika benki.

leja_safi: Mzee wangu, hilo ni sahihi kwa mtu binafsi aliyechagua kuhesabu kwa fedha taslimu. Huyu ni kampuni, na kampuni kwa sheria ya kodi ya mapato inahesabu kwa msingi wa stahili: kiasi kinahesabika unapokuwa na haki nacho, hata kama muda wa kulipwa umesogezwa mbele. Kazi ya milioni 60 imepimwa na gharama zake zote umeshaziweka vitabuni. Ukiandika 57, faida ya mwaka huu inapungua na ya mwaka wa kukabidhi inavimba bila kazi yoyote kufanyika.

VAT ina njia yake. Kwa kazi inayolipwa kwa hatua, inaamka kwa ankara, kwa malipo, au malipo yakifikia tarehe ya kudaiwa, lolote litakalotangulia. Ukitoa risiti ya 60, unadaiwa VAT ya 10,800,000 ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukitoa ya 57 ni 10,260,000. Tofauti ni 540,000 ambazo utazitoa mfukoni mwako, na ukichelewa kukabidhi utasubiri zaidi ya mwaka zikurudie. Kwa hiyo ankara iseme wazi: kazi 60, toa retensheni 3, kiasi kinachodaiwa sasa 57, VAT juu ya 57. Mwambie mteja risiti ya zile 3 ataipata atakapoziachia.

Vitabuni iwe hivi:

```
Dr Mdaiwa (mteja)     67,260,000
Dr Retensheni          3,000,000
   Cr Mapato          60,000,000
   Cr VAT             10,260,000
```

Retensheni ikae kwenye akaunti yake. Usiichanganye na wadaiwa wa kawaida, kwa sababu bado inategemea kasoro zirekebishwe.

mhasibu_buswelu: Asante sana. Na kodi ya zuio? Mteja amekata 1,200,000.

leja_safi: Amezidisha. Kwenye ujenzi, vifaa na huduma vinagawanywa 3 kwa 2, na 5% inakatwa kwenye huduma peke yake, bila VAT. Kwa malipo ya 57 huduma ni 22,800,000, kwa hiyo kodi ni 1,140,000. Yeye amepiga kwenye 60. Hizo 60,000 zisiporekebishwa sasa, atakata tena siku ya kuachia retensheni. Benki ilitakiwa iingie 66,120,000. Dai cheti cha makato chenye kiasi sahihi.

rangi_na_plasta: Mimi ni fundi mdogo chini ya mkandarasi mkuu, kazi Igoma. Ananiambia retensheni yangu hawezi kuitoa mpaka yeye alipwe. Ni halali?

mkadiriaji_mza: Hilo ni la mkataba wenu, ndugu, si la kodi. Soma kifungu cha kuachia. Kama kimetaja tarehe, mdai kwa tarehe hiyo.

Kwa mleta mada: tengeneza jedwali la retensheni, kila hati na mstari wake: namba, kiasi kilichozuiwa, tarehe ya kuachiwa, ankara iliyotolewa. TRA wakilinganisha mauzo ya ritani za VAT na ya ritani ya mapato wataona pengo. Jedwali hilo ndilo linaloonyesha kwamba pengo ni retensheni, si mauzo yaliyofichwa. Wengi hulitengeneza baada ya kupata barua, na hapo hati zingine zimeshapotea.

Mzee_wa_Kirumba: Nimekuelewa, leja. Lakini nusu ya pili inategemea ukaguzi wa kasoro. Utasemaje una haki nayo kabla ya ukaguzi?

leja_safi: Hoja hiyo ina uzito, Mzee, na wapo washauri wanaoitetea. Mimi naegemea kuiingiza, kwa kuwa kazi imeshathibitishwa kwenye hati na kinachosubiriwa ni malipo. Anayeiacha nje aiandikie sababu kwa kunukuu kifungu cha mkataba, na afanye hivyo kwa mikataba yake yote. Mteja akikata sehemu kwa ajili ya kasoro, punguza mapato mwaka huo. Ila usiweke akiba ya "huenda hatalipa" ukatarajia ipunguze kodi. Deni baya linakubalika pale tu umechukua hatua za kulidai na una sababu za msingi za kuona halilipiki.

mhasibu_buswelu: Hati namba 1 na 2 nilishazitolea risiti kamili, retensheni ikiwamo. Nifanyeje?

mkadiriaji_mza: Hizo VAT yake imeshalipwa. Ziwekee alama kwenye jedwali, ili siku ya kuachiwa usizitolee risiti mara ya pili. Mteja akiomba risiti nyingine, mpe nakala ya ile ya kwanza.