Barua kwa mgonjwa aliyecheleweshewa majibu ya kifua kikuu: tuandike yote au nusu?

Daktari, Bukavu (muuliza)
Ndugu zangu, tuna mama wa miaka 41, muuza sambaza. Alitoa makohozi tarehe 4 Machi, mashine ya GeneXpert ikaonyesha kifua kikuu siku hiyohiyo, lakini hakuna aliyemwambia hadi 22 Aprili, aliporudi akikohoa damu. Dawa ameanza tarehe 23. Kwa mdomo tumemwambia majibu yalichelewa, sasa anataka karatasi. Direkta anasema tuandike "kulitokea uchelewesho wa kiufundi" tukomee hapo. Miye naona haitoshi. Ninyi mungeandika nini?

Avoka, Ibanda
Dokta, direkta wako si mjinga. Kifungu cha 258 cha Kodi sivili, kitabu cha tatu, kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Mbele ya hakimu mlalamikaji anapaswa kuonyesha mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara imetoka kwenye kosa lile. Barua ikisema "tulikosea, ndiyo maana umezidiwa", umemfanyia kazi zote tatu ukiwa umekaa ofisini kwako. Andika tarehe, andika matibabu, mwombe pole kwa usumbufu. Basi.

Muuguzi mstaafu, huduma ya kifua kikuu, Kadutu
Avoka wangu, heshima yako. Hayo mambo matatu umeyasema sawa. Ila rejista ya labo iko mezani, ina tarehe 4 Machi, ina neno pozitifu, na fishi ya mgonjwa ina tarehe 22 Aprili. Hakimu akitaka, ataita hizo mbili, hataisubiri barua. Kitakachowaumiza ni barua inayosema "kiufundi" wakati mashine ilifanya kazi yake kwa saa mbili tu.

Dokta, kabla ya maneno nina maswali. Kati ya Machi na Aprili huyo mama alirudi hospitalini? Alipewa nini? Na kwenye bulletini ya labo jina lake limeandikwa sawasawa na kwenye fishi?

Papa, Bagira
Miye naona munakosea wote. Mgonjwa hapashwi kuambiwa ugonjwa mbaya hivi hivi. Shangazi yangu walimwambia kansa asubuhi, toka siku ile hakula tena. Muambieni kaka yake mkubwa, yeye atajua namna ya kumufikishia.

Daktari (muuliza)
Papa, asante, lakini mama anajua anaumwa nini na dawa anakunywa. Hapa tunazungumza kuhusu zile wiki saba.

Muzee wangu wa Kadutu, umegusa penyewe. Labo waliandika jina la mume, fishi ina jina la baba yake. Na ndiyo, alirudi tarehe 25 Machi. Alipokelewa na mwenzetu wa zamu, akapewa siprofloksasini ya siku saba. Uzito ulikuwa kilo 58 mwezi wa tatu, leo kilo 49.

Muuguzi mstaafu, Kadutu
Sasa ona. Wewe ulikuwa unaandika barua ya kosa moja, kumbe ni mawili. La kwanza, majibu yalikaa kwenye rejista bila mtu kuyapeleka. La pili, tarehe 25 majibu yalikuwa na siku 21 mle ndani, mgonjwa mwenyewe kaja na miguu yake, hakuna aliyefungua rejista. Tena akapewa dawa ya kundi linalomgusa mdudu wa kifua kikuu bila kummaliza. Mtu anapata nafuu ya siku kadhaa, anaamini anapona, anakaa nyumbani. Tulikuwa tunawakataza vijana kila wiki: anayekohoa zaidi ya wiki mbili usimpe hiyo kabla ya majibu ya makohozi.

Barua ikitaja labo tu, siku huyo mama atakapoonyesha kile kikaratasi cha tarehe 25 kwa muuguzi mwingine, ataelewa kwamba mulimficha. Na labo watakuwa wamebebeshwa mzigo wa wote.

Daktari wa kifua, Goma
Nakubaliana na mukubwa. Sentensi ngumu lakini ni ile ya madhara, na hapo avoka ana haki kidogo. Je, mama alizidiwa kwa sababu ya kuchelewa? Kilo tisa na damu vimekuja ndani ya wiki zile, hilo liko kwenye fishi. Mukisema "kuchelewa hakukubadilisha kitu" munadanganya. Lakini radio ya kifua ya Aprili ikionyesha shimo kwenye pafu, huwezi kuapa kwamba Machi halikuwepo. Mulimpiga radio Machi?

Daktari (muuliza)
Hapana. Ya Aprili tu. Shimo lipo, juu kulia.

Daktari wa kifua, Goma
Basi andika hivyo hivyo, kila kitu mahali pake. Miye ningeandika:

"Majibu ya kipimo chako yalitoka tarehe 4 Machi na yalionyesha kifua kikuu. Hatukukupa majibu hayo. Uliporudi tarehe 25 Machi hatukuyatafuta, tukakupa dawa nyingine ambayo haitibu ugonjwa huu. Ulianza dawa sahihi tarehe 23 Aprili. Tunakuomba msamaha kwa hayo mawili. Katika wiki hizo ulipungua kilo tisa na ukaanza kukohoa damu. Kama ungeanza dawa mwezi wa tatu, tunaamini sehemu kubwa ya hayo ingeepukika. Picha ya Aprili inaonyesha jeraha kwenye pafu la kulia. Kwa kuwa Machi hatukupiga picha, hatuwezi kujua kama lilikuwepo tayari."

Hakuna "endapo ulijisikia vibaya", hakuna "kulitokea". Anayesoma anaona nani hakufanya nini.

Avoka, Ibanda
"Tunaamini ingeepukika". Daktari, hapo umempa kamba.

Daktari wa kifua, Goma
Avoka, ukiniita mbele ya hakimu nitasema maneno hayohayo, kwa sababu ndivyo ugonjwa ulivyo. Kwa nini mgonjwa asikie kwangu kidogo kuliko hakimu?

Avoka, Ibanda
Sawa, hiyo nakuachia. Lakini jambo moja silegezi: majina. Usiandike jina la mtu wa labo wala la daktari wa zamu. Uchunguzi haujaisha, na barua haina mahali pa yeye kujitetea.

Mwanafunzi wa udaktari, Lubumbashi
Kaka avoka, Uingereza tangu 2014 hospitali za serikali zinalazimishwa na sheria kumwambia mgonjwa kwa mdomo, halafu kwa maandishi, na kuomba msamaha ndani yake. Kwa nini sisi tusiige?

Avoka, Ibanda
Mdogo wangu, sheria ya Uingereza haisomwi kwenye parke ya Bukavu.

Mama, Nyawera
Wadaktari, hospitali moja ilitupa barua kama hiyo ya kaka yetu. Ya Kifaransa, kurasa tatu, "patiya" huku, "patoloji" kule. Tulimulipa mwalimu wa jirani atusomee. Mutaa wote wakajua anaumwa nini. Huyo mama muuza sambaza anasoma?

Daktari (muuliza)
Anasoma Kiswahili taratibu. Asante mama, sikuwa nimewaza jirani.

Muuguzi mstaafu, Kadutu
Basi ukurasa mmoja, Kiswahili, herufi kubwa kubwa. Umsomee wewe mwenyewe kwenye chumba chenye mlango, halafu akabidhiwe mkononi. Usimpe mume akiwa barabarani, usimpe mtoto wa shule. Kama mlipima na virusi vya UKIMWI, majibu hayo yasiingie kabisa kwenye barua hii.

Na kuna sentensi moja nimeona kwenye barua nyingi, huenda direkta ataidai: "mgonjwa hakurudi kuchukua majibu". Aliambiwa arudi?

Daktari (muuliza)
Fishi haisemi kitu. Yeye anasema aliambiwa "tutakupigia". Namba ya simu kwenye bulletini imekosa tarakimu moja.

Muuguzi mstaafu, Kadutu
Hiyo sentensi imekufa, basi. Andika lile alilosema yeye, na kwamba namba mliyoandika haikuwa kamili.

Upande wa mbele sasa. Dawa anazijua: miezi miwili vidonge vya dawa nne pamoja, kisha minne ya mbili, bila malipo. Hizo zimo kwenye kadi yake, usizirudie zote. Weka tarehe za makohozi ya kufuatilia, ya kwanza mwishoni mwa mwezi wa pili, na umwambie mkojo ukiwa mwekundu asiache dawa, ni rangi ya rifampisini. Akikohoa damu tena aje usiku huohuo, asisubiri siku ya miadi. Halafu nyumbani: kuna watoto?

Daktari (muuliza)
Wanne. Mdogo ana miaka mitatu, analala naye.

Muuguzi mstaafu, Kadutu
Ndiyo maana nasema barua si ya kuomba msamaha peke yake. Huyo mdogo amelala karibu na mama anayekohoa wiki saba zaidi ya ilivyopaswa. Achunguzwe wiki hii: uzito, kikohozi, homa, na radio ikiwezekana. Akiwa mzima anapewa dawa ya kinga; akiwa mgonjwa anatibiwa kamili. Usianze kinga kabla ya kumchunguza, maana kinga ni ndogo mno kwa mtoto aliyekwisha kuugua. Andika: "Tunataka kuwaona watoto wako wanne, siku fulani, saa fulani, bila malipo." Usiandike "huenda umewaambukiza". Hakuambukiza kwa kupenda, na kwa wiki saba alikuwa hajui.

Papa, Bagira
Hapo nakubali. Na pesa alizonunua ile dawa ya siku saba, nani anarudisha?

Avoka, Ibanda
Papa ameuliza swali la maana kuliko sisi wote. Dokta, usiahidi. Komite ya usimamizi ikipitisha, andika kiasi na siku ya kuchukua. Isipopitisha, andika kwamba ombi limepelekwa na atajibiwa tarehe gani. Ahadi isiyo na sahihi ya meneja wa pesa itakuwa kosa la tatu.

Mama, Nyawera
Na musiweke "wasiliana na uongozi". Muweke jina la mutu mumoja na namba inayoshikwa.

Daktari (muuliza)
Jina litakuwa langu na namba yangu, hilo limeisha. Rasimu ya daktari wa Goma nimeichukua, na sehemu ya tarehe 25 nimemweleza direkta. Amekubali makosa mawili na amekubali watoto. Amekataa "ingeepukika", anataka "ingeweza kupungua".

Daktari wa kifua, Goma
"Ingeweza kupungua" ni ya uoga, lakini si uongo. Mimi ningeipigania mara moja tena.

Muuguzi mstaafu, Kadutu
Mimi nisingeipigania. Ningemwambia mama kwa mdomo, mbele ya direkta, "tunaamini ingeepukika", kisha nimpe karatasi.

Avoka, Ibanda
Mdomoni jambo moja, kwenye karatasi jingine? Hapo mukubwa ndipo utakaponiletea kazi.

Daktari (muuliza)
Komite inakaa Jumatano kuhusu pesa. Watoto wanakuja kesho saa mbili asubuhi, barua iwe tayari isiwe tayari.