Mpangaji mzuri anaomba nimpunguzie kodi na siwezi. Nimwambieje tusiharibu ujirani?

Mama wa Segerea
Habari za jioni ndugu zangu. Nina nyumba ya uani hapa Segerea: chumba, sebule, jiko na choo ndani, na ina mita yake ya LUKU. Anakaa kijana mmoja na mkewe na mtoto wao mdogo, huu mwaka wa tatu. Kodi ni 200,000 kwa mwezi, hulipa miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,200,000. Hajawahi kunisumbua. Mwaka jana bomba la jikoni lilipasuka usiku wa manane. Alifunga koki kubwa, wakachota maji kwa ndoo yeye na mkewe mpaka sakafu ikakauka, mimi nikaja kuambiwa asubuhi.

Juzi kaniandikia: "Shikamoo mama. Biashara ya mitumba pale Karume imekuwa ngumu sana. Naomba unipunguzie kodi iwe 150,000." Kodi yake inaisha mwisho wa mwezi ujao.

Mimi nimestaafu. Nyumba hiyo niliimalizia kwa mkopo wa saccos, narejesha 165,000 kila mwezi na bado miezi 14. Akilipa 150,000 rejesho halitimii, itabidi nimegue pensheni. Nimeandika jibu nikafuta mara tatu. Naogopa ataona ninamfukuza.

Jirani Mwema
Mama, mwambie TRA wanakukata asilimia 10 ya pango, na maji yamepanda, na saruji imepanda. Hapo ataelewa mwenyewe. Ila na wewe piga hesabu vizuri. Ukimpunguzia 50,000, kwa mwaka unapoteza 600,000. Nyumba ikikaa tupu miezi mitatu unapoteza 600,000 hiyo hiyo. Bora nusu shari kuliko shari kamili. Mpunguzie.

Binti Ukonga
Pole sana dada. Mimi mwenye nyumba wangu kanipandishia kutoka 120,000 hadi 170,000 kwa ujumbe wa mstari mmoja, wala hakusema sababu. Usikubali, mwambie akupe muda wa kutosha utafute kwingine.

Mama wa Segerea
Mwanangu, mimi ndiye mwenye nyumba. Lakini pole, nimekuelewa. Huo mstari mmoja ndio ninaoukwepa.

Mzee wa Mikataba
Nimesimamia nyumba za watu Tabata na Kinyerezi zaidi ya miaka kumi, acha niseme ninachokijua.

Jirani Mwema hesabu yake ya miezi mitatu ni sahihi, na kila mwenye nyumba aipige kabla ya kukataa. Lakini inategemea nyumba yako hukaa tupu muda gani. Mama, mpangaji wa kabla ya huyu alipotoka, ulikaa siku ngapi bila mtu?

Suala la TRA silikubali. Kama hulipi, usilitaje. Mpangaji akiomba kuona risiti utajibu nini? Ukishabambwa kwenye sababu moja ya uongo, hata ile ya kweli ya saccos haitaaminika tena. Orodha ndefu ya sababu nayo inamwalika abishane na kila moja. Toa sababu moja ambayo ni ya kweli, basi.

Mama wa Segerea
Ilikaa wiki tano. Nikapaka rangi na kubadilisha kitasa, jumla kama 180,000. TRA sijawahi kulipa pango, nakiri, nitalifuatilia.

Mzee wa Mikataba
Basi wiki tano ni kama 230,000 ya kodi, jumlisha 180,000 za rangi na kitasa, tuseme 410,000. Kumpunguzia mwaka mzima ni 600,000, na kodi ikishashuka kuirudisha ni vita. Kwa hiyo kukataa kwako kuna msingi, ila tofauti si kubwa kiasi cha kumjibu kwa ukali. Akiondoka na wewe unaumia.

Sasa tumwangalie yeye. Akihama atampa dalali kodi ya mwezi mmoja, atakodi kirikuu, na huko aendako atadaiwa miezi sita tena. Hata akipata nyumba ya 150,000, hiyo ni 900,000 ya kodi na 150,000 ya dalali. Hela hiyo hana, na naamini hicho ndicho kinachomkosesha usingizi. Wapangaji wengi wakiomba punguzo kodi ikikaribia kuisha, kinachowaelemea ni lile donge la 1,200,000, kuliko hiyo 50,000 ya mwezi. Muulize. Unaweza kukataa punguzo na bado ukampokea kwa miezi mitatu mitatu, 600,000. Rejesho lako ni la kila mwezi, halihitaji miezi sita kwa pamoja.

Jambo jingine dogo. Ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni deni la mwenye nyumba, na miaka yote hii anailipa yeye kwa kuwa ndiye anayenunua umeme. Kwa mwaka ni 18,000. Mrudishie. Haimfikishi kwenye 150,000, lakini ni haki yake.

Mama wa Segerea
Hiyo ya LUKU sikuwahi kuiwaza hata siku moja. Naona aibu kweli.

Fundi Bati
Miezi mitatu mitatu mimi iliniponza. Nilimkubalia mtu, awamu ya kwanza akalipa, ya pili ikaja nusu, ya tatu akawa anapokea simu mkewe. Nilihangaika hadi Baraza la Ardhi na Nyumba. Ukikubali, andikeni kwenye mkataba tarehe za kulipa na nini kitatokea akichelewa, mbele ya mjumbe.

Mzee wa Mikataba
Kuandika ni lazima, hapo tuko pamoja. Ila mtu aliyekausha maji ya watu usiku simlinganishi na wako.

Mama, usimjibu kwa ujumbe kwanza. Mwite barazani, mkewe akiwepo, ndipo umwandikie ili kumbukumbu ibaki. Na jibu la "hapana" litangulie. Ukianza na sifa ndefu atadhani umekubali, kisha utamvunja moyo mara mbili. Usiseme "nitafikiria" kama umeshaamua, kwa sababu ataacha kutafuta na mwezi utamwishia. Wala usitaje kodi za majirani. Jaribu hivi:

"Mwanangu, ombi lako nimelipata na nimelipigia hesabu. Kodi sitaweza kuishusha, itabaki 200,000. Nyumba hii nailipia mkopo wa 165,000 kila mwezi, na bado miezi 14. Najua biashara imebana. Kama tatizo ni kutoa miezi sita kwa pamoja, napokea mitatu, tutaandikiana. Na ile 1,500 ya jengo kwenye LUKU ni yangu, nitakurudishia. Ukiona bado ni nzito, niambie mapema, sitakuwekea kinyongo."

Jirani Mwema
Huo mstari wa mwisho ningeutoa. Unamfungulia mlango wa kuondoka.

Mzee wa Mikataba
Mlango uko wazi tayari, mkataba unaisha mwezi ujao. Bora aage mapema, mama apate wiki nne za kutafuta mtu.

Mama wa Segerea
Nimerudi. Jana jioni tulikaa barazani, nikamweleza kama mlivyoniandikia, mstari wa mwisho nikauacha ubaki. Nilimwonyesha na kitabu cha marejesho cha saccos. Alikishika muda mrefu, akanyamaza. Mkewe ndiye aliyesema kwamba duka alilokuwa akishona limefungwa tangu mwezi wa pili, na mkononi wana 700,000 tu. Mzee wa Mikataba, ulipapatia.

Zile za LUKU nilizihesabu tangu walipoingia, nikampa 50,000 taslimu. Aliikataa mara mbili ndipo akapokea.

Miezi mitatu hawajasema ndiyo wala hapana. Wameomba mpaka Jumapili wakaongee na kaka yake mkubwa, Gongo la Mboto. Fundi Bati, nitumie namna mlivyouandika huo mkataba wa awamu, niwe nao tayari.