Mabano, dashi au kistari: kipi kinafaa kwenye sentensi hii ya Kiingereza?

Mwanagenzi
Habari za humu ndani. Nahariri ripoti ya utafiti wa tiba. Imeandikwa kwa Kiingereza na watu watatu, na kila mmoja ana mkono wake: mmoja hupenda mabano, mwingine huweka kistari kila anapotaka kupumua, wa tatu huchanganya. Sentensi iliyonikwamisha ni hii:

"The trial - which ran from 2015-2019 - enrolled adults aged 18-65 (most were women) - a point we return to below."

Najua kwamba kistari cha kwenye kibodi (-) si sawa na dashi fupi (–) wala dashi ndefu (—). Ninachotafuta ni namna ya kuchagua. Maelezo ya pembeni niyatie kwenye mabano au kati ya dashi? Miaka na umri niviandikeje? Na ile nyongeza ya mwishoni niifanyeje? Mchapishaji hakutoa mwongozo wowote, kwa hiyo uamuzi ni wangu.

Sauti ya Pili
Mbona ni rahisi. Msomaji akiwa Mmarekani, tumia dashi ndefu bila nafasi. Akiwa Mwingereza, tumia dashi fupi yenye nafasi pande zote mbili. Kwenye miaka na umri weka dashi fupi popote pale. Mabano yaache kabisa, yanapooza sentensi.

KalamuNyekundu
Ndugu Sauti, hapo kwenye nchi umegusa jambo la kweli lakini halinyooki hivyo. Mwongozo wa Chicago, unaofuatwa na wachapishaji wengi wa vitabu Marekani, unataka dashi ndefu bila nafasi. Lakini Associated Press, Wamarekani vilevile, wanaweka dashi ndefu na nafasi kila upande. Ukivuka kwenda Uingereza, wachapishaji wengi hutumia dashi fupi yenye nafasi, ilhali Oxford University Press kwa desturi yao wanatumia dashi ndefu iliyobana. Huo ni mtindo wa nyumba ya uchapishaji kuliko wa nchi. Mwanagenzi achague mmoja na aushike tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Ninapokukatalia ni kwenye "popote pale". Dashi fupi kati ya namba inabeba maana ya "to" peke yake. Ukishaandika "from", umeahidi kwamba "to" inakuja, na msomaji anaisubiri. Kwa hiyo "from 2015–2019" ina kasoro hata ukiweka alama sahihi. Andika "from 2015 to 2019" au "2015–2019" bila "from". Na "between" inadai "and", kwa hiyo "between 18–65" nayo haisimami. Kwenye sentensi yetu "aged 18–65" iko salama kwa sababu hakuna neno lililotangulia linalodai mwenzake.

FundiWaJedwali
Samahani kuingilia, mimi shida yangu ni ya namba hizohizo lakini kwenye Excel. Nikiandika 5-10 kama kundi la umri, inageuka tarehe. Nifanyeje? Na halijoto za chini ya sifuri je? Nina safu ya kutoka -20 hadi -5, na nikiweka dashi katikati inakuwa msururu wa vistari usiosomeka.

KalamuNyekundu
Fundi, seli zipe muundo wa Text kabla ya kuandika, au anza na alama ya ' mbele ya namba. Ukibadilisha muundo baada ya kuandika umechelewa, kwa sababu Excel imeshahifadhi tarehe na si ulichoandika. Kwa halijoto achana na dashi: andika "−20 to −5". Popote namba inapokuwa na alama ya kutoa, neno linashinda alama.

Msomaji Taratibu
Mimi naona tatizo kubwa la sentensi hii bado halijaguswa. Ina vistari vitatu vya kutenga. Dashi hazina upande wa kufungua na upande wa kufunga kama mabano, ni umbo moja tu, kwa hiyo msomaji ndiye anayeamua ipi inashikana na ipi. Ukianza kuisoma, ya kwanza na ya pili zinashikana vizuri. Ukifika ya tatu unajiuliza: je, ni ya pili na ya tatu ndizo jozi? Kwa sekunde moja, "enrolled adults aged 18-65 (most were women)" inaonekana kama ndiyo maelezo ya pembeni. Unarudi nyuma kusoma upya. Hakuna sheria ya sarufi iliyovunjwa hapo, ila msomaji amesimamishwa bila sababu.

Ninachofanya mimi ni kutoruhusu zaidi ya jozi moja ya dashi kwenye sentensi. Kukiwa na jozi, isiongezwe dashi ya peke yake mwishoni.

KalamuNyekundu
Naam, hapo ndipo penyewe. Sasa tuifungue sentensi kipande kwa kipande.

"Which ran from 2015 to 2019" ni taarifa tulivu. Ukiiondoa, sentensi inabaki nzima na hoja haipotei. Maelezo ya aina hiyo hayahitaji dashi, kwa sababu dashi huinua sauti: humwambia msomaji asimame atazame. Mabano huishusha: humruhusu kupita. Koma haifanyi hili wala lile. Kwa miaka ya utafiti ningetumia koma, au mabano yenye namba tu: "The trial (2015–2019) enrolled adults aged 18–65".

"Most were women" ndipo penye uamuzi wa kweli, na alama haiwezi kuamua kwa niaba yako. Kama matokeo ya ripoti yanategemea kwamba wengi walikuwa wanawake, kuliweka jambo hilo kwenye mabano ni kulificha. Kama ni takwimu ya kupita tu, mabano yanatosha. Waandishi walishasema watalirudia baadaye, na hiyo ni dalili kwamba ni zito. Litoe kwenye mabano.

Kisha "a point we return to below". Point ipi? Wanawake? Umri? Miaka? Kwa ilivyo, kipande hicho kinaning'inia mwishoni mwa sentensi yenye mambo matatu, na dashi haionyeshi kinarudi kwa lipi. Nyongeza ya mwishoni lazima iguse kile kilichotajwa mara moja kabla yake. Isipogusa, badilisha mpangilio wa maneno kwanza, ndipo ufikirie alama.

Sauti ya Pili
Kwa hiyo mabano hayana kosa? Mwalimu wangu wa uandishi alisema kilicho kwenye mabano hakistahili kuandikwa.

Msomaji Taratibu
Kwenye hadithi huenda ana hoja. Kwenye ripoti mabano yana kazi ambazo dashi haziwezi: kifupisho kinapotajwa mara ya kwanza, kipimo, namba ya jedwali, miaka. Jaribu kuandika "see Table 2" kati ya dashi mbili katikati ya sentensi uone inavyopiga kelele.

Ila yana masharti yake. Koma haikai kabla ya bano la kufungua. Ikihitajika, inakuja baada ya bano la kufunga. Sentensi kamili iliyojitegemea ndani ya mabano inaweka nukta ndani, kipande cha sentensi kinaacha nukta nje. Na kitenzi hakitazami yaliyomo ndani: "The lead nurse (and two assistants) was present", kwa sababu kiima ni muuguzi mmoja. Ikisikika vibaya masikioni mwako, toa mabano, uandike "and two assistants were".

MamaTahariri
Shikamooni wakubwa. Mimi nauliza juu ya kistari chenyewe, maana naona mnakipita tu. Nikiandika "18-65-year-old adults" ni sahihi? Nilidhani ndicho Mwanagenzi alichouliza.

KalamuNyekundu
Marahaba dada. Si alichouliza, lakini linakaa jirani. Kistari huunga maneno yawe sifa moja kabla ya nomino, na hapo mnakutana kuunga na masafa kwa pamoja. Njia safi ni "18- to 65-year-old adults". Kistari cha baada ya 18 kinabaki kikining'inia kwa makusudi, kinasubiri "year-old" inayokuja mbele. Ila "adults aged 18–65" ni nyepesi zaidi, na ningeiacha kama ilivyo.

Hilo linanikumbusha onyo kwa Mwanagenzi: usibadilishe vistari vyote kwa mkupuo. Utaharibu "double-blind" na "follow-up", ambavyo vinataka kistari kilekile cha kibodi. Tena Word ina tabia yake. Ukiandika neno, nafasi, kistari, nafasi, neno, inaweka dashi fupi yenyewe. Vistari viwili vilivyobana kati ya maneno inavigeuza dashi ndefu. Lakini 2015-2019 haiigusi. Ndiyo maana faili ya watu watatu huwa na alama mchanganyiko hata kama wote walibonyeza kitufe kilekile.

Kwa masafa ya namba, fungua Find and Replace, washa "Use wildcards", kisha:

```
Find what:     ([0-9])-([0-9])
Replace with:  \1^=\2
```

Hiyo `^=` ni dashi fupi, na `^+` ni dashi ndefu. Bonyeza Replace moja moja, usibonyeze Replace All, kwa sababu itanasa namba za simu, ISBN na tarehe kama 2015-03-12. Hizo si masafa, kistari chake kinabaki.

Mwanagenzi
Asanteni sana. Nimefikia hapa:

"The trial, which ran from 2015 to 2019, enrolled adults aged 18–65 – most of them women, a point we return to below."

Nimechagua dashi fupi yenye nafasi kwa ripoti nzima. Dashi imebaki moja ya kutenga, na "a point" sasa inagusa wanawake moja kwa moja.

Sauti ya Pili
Mimi bado ningeikata: "Most were women, a point we return to below." Sentensi ya pili, dashi hakuna kabisa. Kama jambo ni zito, lipe sentensi yake.

Msomaji Taratibu
Na mimi naegemea kwa Sauti. Tena dashi fupi ya kutenga iko karibu sana na dashi fupi ya umri. Umbo moja, kazi mbili, umbali wa namba moja. Kwa dashi ndefu jicho lingezitofautisha.

KalamuNyekundu
Kwangu toleo la Mwanagenzi linapita, maana nafasi za pembeni zinatosha kutofautisha, na sentensi mbili fupi zinaondoa ule mkazo ambao dashi inautoa. Hapo tutaachana kila mtu na sikio lake.

Jambo moja la kiufundi kwa aliyechagua dashi yenye nafasi: inaweza kuangukia mwanzo wa mstari unaofuata, na ikikaa pale inafanana na alama ya orodha. Nafasi ya kabla ya dashi ifanye isiyokatika, kwenye Word ya Windows ni Ctrl+Shift+Space. Ya baada ya dashi iache ya kawaida, ili mstari ukivunjika uvunjike hapo.