Mrejesho: mkaa wa chenga

Niliuliza: "Nikikusanya chenga za mkaa kwa wauzaji, nitengeneze kiasi gani kwa siku na niuze bei gani?"

Wakuu, asanteni. Chenga nachekecha kwanza, maana mchanga ndio unaozidisha majivu. Kilo 10 nazishika kwa uji wa nusu kilo ya unga wa muhogo, kisha nafinyanga matonge na kuyaanika. Kiasi cha siku kinaamuliwa na nafasi ya vichanja vya kuanikia: nikivunja tonge na katikati bado kuna unyevu, siuzi, litatoa moshi. Nauza kwa kopo, bei ileile ya mkaa wa kawaida, kwani akina mama wanalinganisha kopo kwa kopo. Wapika maharage wamerudi kununua. Wa chai ya asubuhi wanalalamika unachelewa kushika. Nawashauri wawashie vipande vichache vya mkaa wa kuni.